Makato ya Tarehe Kumi na Tano

Sisi wa chumba cha pasi tulimwita Mama Mvuke. Alikuwa amesimama mbele ya mashine kubwa ya kunyoosha mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na saba, na joto lake alilizoea kiasi kwamba siku za baridi yeye ndiye aliyelalamika wa kwanza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mashine. Yeye alilisha shuka, mimi nililipokea na kulikunja. Ukifanya kazi ya namna hiyo na mtu kwa muda mrefu, unamjua kwa mikono yake kabla hajafungua mdomo. Shuka likinifikia limepinda, nilijua nyumbani kwake kuna jambo.

Mumewe alikuwa fundi kufuli. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja, jirani na posta, limejaa funguo tupu zilizotundikwa ukutani kwa safu. Alikuwa mtu mkimya. Mteja aliingia, alieleza shida yake kwa dakika kumi, naye alijibu, "Kesho saa sita," na kesho saa sita kazi ilikuwa tayari. Mama Mvuke alizoea kutuambia kwamba katika ndoa yao maneno yaligawanywa mapema, na yeye akapewa mafungu yote mawili. Alimwita Fundi, hata nyumbani, hata mbele ya wakwe.

Asubuhi moja Fundi alikuwa akichonga ufunguo, ufunguo ukamponyoka mara tatu. Mteja aliyekuwa akisubiri aliona mdomo wake umekwenda upande, akafunga duka mwenyewe na kumkimbiza hospitali. Kilikuwa kiharusi. Madaktari walifanya walichoweza, na hakika walifanya mengi, kwani baada ya wiki tano alitoka akitembea kwa fimbo. Mkono wa kulia ulibaki mzito. Maneno yalikuwa yamekwenda.

Hayakwenda yote. Lilibaki moja, nalo ni "bado." Ukimuuliza kama amekula, alisema bado, huku sahani tupu iko mbele yake. Ukimuuliza kama anasikia joto, bado. Akitaka maji, bado. Mtaalamu wa usemi wa hospitali alimweleza Mama Mvuke kwamba hali hiyo anaiona mara nyingi. Akili ya Fundi ilikuwa nzima, aliyaelewa karibu yote aliyoambiwa, ila njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno ilikuwa imebomoka, na kazi sasa ilikuwa kuchonga njia nyingine, polepole, kwa mazoezi ya kila siku. Mama Mvuke aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepewa dawa. Alitueleza hivyo hivyo siku iliyofuata, neno kwa neno, huku akilisha mashuka yaliyonyooka.

Kliniki ilikuwa mara moja kwa wiki, na mara moja haikutosha. Yule mtaalamu akamwelekeza kwenye programu ya mazoezi ya usemi. Inaonyesha picha, inatamka neno, inakusubiri ulitamke, na haichoki. Tena kila kitufe chake kinasomwa kwa sauti, kwa kuwa wengi wanaoitumia wamepoteza kusoma pamoja na kusema. Binti yao mkubwa, anayeishi mbali, alituma tableti. Mama Mvuke alifungua akaunti kwa anwani yake ya barua pepe, akaweka kadi yake ya benki, na ikawa kila tarehe kumi na tano anakatwa ada ya mwezi. Kwenye tableti Fundi alifanya mazoezi. Kwenye simu yake mwenyewe Mama Mvuke aliingia akaunti ile ile, lakini alichotazama huko ni ukurasa wa malipo tu.

Mwezi wa kwanza alirudi kazini na matumaini. Jioni, wakishakula, alivuta kiti, akaegesha tableti kwenye kopo la sukari, akakaa bega kwa bega na mumewe. Picha ya kikombe ilitokea. Sauti ilisema, "Kikombe." Fundi alikitazama kikombe, akamtazama mkewe, akasema bado. Mkewe akamwambia, "Ki-ko-mbe, Fundi. Nitazame mdomo." Alimtazama mdomo. Akasema bado, kisha akageuza uso ukutani.

Mwezi wa pili ukawa kama wa kwanza, isipokuwa sasa aligeuza uso mapema zaidi. Mwezi wa tatu Mama Mvuke akiigusa tu tableti, mumewe alisimama, akachukua fimbo, akaenda kukaa kibarazani. Hakuwa na hasira. Mama Mvuke aliniambia kwamba hasira angeiweza. Kilichomshinda ni kwamba hata zamani huyu bwana hakuwa mtu wa maneno, na pengine sasa aliona hakuna hasara ya kulilia. "Labda mimi ndiye ninayeyataka hayo maneno," aliniambia, "yeye hana haja nayo." Siku hiyo nilipokea mashuka yaliyopinda hadi tukapumzika.

Ikaendelea hivyo hadi ikatimia miezi kumi tangu kiharusi, ndipo alipoamua kujitoa. Ada haikuwa ya kuua mtu, lakini mshahara wetu unajulikana, na kliniki nayo ilikuwa na nauli yake. Tarehe tisa, wakati wa chakula cha mchana, alifungua ukurasa wa malipo, akabonyeza kusitisha usajili. Programu ikamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Akasema anao. Barua pepe ikaingia papo hapo: usajili umesitishwa, hutakatwa tena, na unaweza kuendelea kutumia huduma hadi mwisho wa tarehe kumi na nne kwa kuwa mwezi huu umeshaulipia. Aliipiga picha skrini nzima. Ni mtu anayetunza risiti za miaka ya nyuma kwenye boksi la viatu, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Hakumwambia Fundi kitu. Alisema angemwambia nini, na huyo mwenyewe haitazami tableti.

Tarehe kumi na tano tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na mapipa ya sabuni, kila mmoja na chakula chake. Simu yake ikalia ujumbe. Aliusoma, akausoma tena, akanipa. Benki ilikuwa inamjulisha kwamba kadi yake imetumika kulipa ile ile programu, kiasi kile kile.

"Wamenikata," alisema. "Nimejitoa siku sita kabla, na bado wamenikata."

Habari ikazunguka chumba cha pasi kabla mashine hazijawashwa. Kila mtu alikuwa na lake. Mpokea nguo alisema kampuni hizi ndivyo zilivyo, ukiingia mlango ni mpana, ukitoka ni tundu la sindano. Mwenzetu wa mashine za kukaushia alimshauri aifunge kadi saa hiyo hiyo, maana huenda ni wezi. Mwingine alisema dawa yao ni kuwaanika mtandaoni. Mama Mvuke alizidi kuvimba. Sikuwahi kumwona akikasirika namna ile, na nadhani hasira ile haikuwa ya pesa peke yake. Ilikuwa ya miezi kumi.

Aliyetuliza mambo ni msimamizi wetu, mwanamke mwenye maneno machache ambaye zamani alifanya kazi kaunta ya benki. Alimwambia asiifunge kadi kwanza, kwa sababu mshahara wake unaingia humo humo na kadi mpya itachukua siku kadhaa. Apigie benki namba iliyo nyuma ya kadi, aulize muamala uko hatua gani, kisha apigie kampuni. Akampa nusu saa na funguo za stoo ya mashuka, ili apate utulivu. Mama Mvuke akanivuta mkono niingie naye.

Benki walipokea baada ya muziki mrefu. Mhudumu alikagua, akasema muamala unaonekana lakini bado unasubiri, maana yake kampuni imeomba pesa na benki imezitenga, ila hazijakabidhiwa moja kwa moja. Katika hatua hiyo, alieleza, benki haiwezi kuusimamisha yenyewe. Kama anao uthibitisho kwamba alijitoa kabla ya tarehe, aanze na kampuni. Mara nyingi wao wakikubali kosa hurudisha haraka kuliko benki. Wakikataa, asubiri muamala ukamilike, kisha ajaze fomu ya kuupinga, aambatanishe ile barua pepe, na asichelewe kwa sababu fomu ina mwisho wake. Mama Mvuke alimshukuru, japo kwa sauti ya mtu anayekunja mikono ya shati.

Namba ya kampuni ilikuwa chini kabisa ya ile barua pepe. Aliweka simu juu ya rundo la foronya na kufungulia spika. Msichana aliyepokea alikuwa na sauti ya chini, isiyo na haraka. Akamsalimia, "Shikamoo mama," na Mama Mvuke, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, ilimbidi aitikie marahaba kwanza.

Kisha akaanza. Alimwaga yote, tarehe tisa, tarehe kumi na tano, picha ya skrini, kadi, mshahara. Msichana hakumkatiza. Alipomaliza aliombwa anwani ya barua pepe na tarakimu nne za mwisho za kadi, basi. Tukasikia vidole vikigonga.

"Mama, uko sahihi," yule msichana alisema. "Naona hapa, tarehe tisa, saa saba na dakika kumi mchana, ulisitisha kwa simu yako. Ilipokelewa vizuri."

"Sasa mbona mmenikata?"

Vidole vikagonga tena. Msichana alieleza kwamba ukisitisha, akaunti haifungwi siku hiyo hiyo. Inabaki wazi hadi siku zilizolipiwa ziishe, na muda wote huo programu inaonyesha tangazo juu ya ukurasa kwamba usajili unakaribia kwisha, pamoja na kitufe cha kuendelea. Mtu akikibonyeza, usajili unarudi kama ulivyokuwa, na kadi iliyohifadhiwa inakatwa tarehe yake ya kawaida. Haiombi namba ya kadi upya.

"Tarehe kumi na moja, saa nne na dakika ishirini na sita asubuhi, usajili ulirejeshwa," alisema. "Haukurejeshwa kwa simu. Ulirejeshwa kwa tableti."

Mama Mvuke alinitazama. Tarehe kumi na moja saa nne asubuhi alikuwa mbele yangu analisha mashuka.

Alisema haiwezekani. Tableti iko nyumbani, na nyumbani yuko mgonjwa asiyeigusa. Labda iliguswa kwa bahati mbaya, labda ilidondoka. Msichana alisema inawezekana kabisa mtu kubonyeza bila kukusudia, na kwamba kwa vyovyote vile muamala ni wa leo, kwa hiyo yeye anaweza kusitisha usajili tena na kumrudishia pesa yake yote sasa hivi, itaonekana kwenye akaunti ndani ya siku chache za kazi. Barua ya kumjulisha kwamba usajili umerudi ilitumwa pia, ila aliomba msamaha kama ilijificha kati ya barua za matangazo. Baadaye tuliitafuta na kweli ilikuwa humo, imekaa kimya chini ya ofa za viatu.

Kisha akauliza, kwa upole, "Mama, nikurudishie sasa, au ungependa kwanza uone jambo moja? Akaunti ni yako, una haki ya kuliona mwenyewe."

Alimwelekeza afungue programu kwenye simu, aache ukurasa wa malipo, aguse alama ya kalenda iliyo pembeni yake. Mama Mvuke hakuwahi kuigusa alama ile. Nikamshikia miwani. Kalenda ilipofunguka, ilikuwa na vitone vya kijani, kimoja kwa kila siku ambayo mazoezi yalifanyika. Jumatatu kijani, Jumanne kijani, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi tupu, Jumapili tupu. Wiki iliyofuata vivyo hivyo, na iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, hadi mwezi wa pili wa usajili. Ukigusa kitone unaona saa. Tuligusa kimoja, tukagusa kingine. Saa nne kasorobo. Saa nne na dakika tano. Dakika ishirini na tano za mazoezi, dakika thelathini, siku moja dakika hamsini.

Jumamosi na Jumapili ndizo siku ambazo Mama Mvuke yuko nyumbani.

Aliketi juu ya furushi la taulo, simu mapajani. Yule msichana hakumharakisha. Alikuwa na busara ya kujua kwamba mtu hajakata simu. Hatimaye akasema tu kwamba kitufe kile cha kuendelea, kama vyote, kinasomwa kwa sauti, na baada ya kukibonyeza programu inauliza kama una uhakika, lazima ubonyeze mara ya pili. Siku ile, baada ya kurejesha usajili, mtumiaji alifanya mazoezi kwa dakika thelathini na mbili.

"Basi hakuna haja ya kurudisha," Mama Mvuke alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Acha hivyo hivyo. Acheni usajili uendelee."

Msichana alimhakikishia utaendelea, akamwomba namba ya simu ili siku nyingine mabadiliko yoyote ya malipo yamfikie kwa ujumbe mfupi badala ya barua pepe pekee. Mama Mvuke akaitaja. Alitaka kumshukuru, akaanza mara mbili, akaishia kusema, "Mwanangu, Mungu akutunze na waliokulea." Msichana akajibu kwamba ameshukuru, na kwamba atamsalimia mzee kimoyomoyo.

Tulibaki pale stooni. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akajifuta kwa foronya, kisha akaitupa foronya ile kwenye nguo chafu kwa sababu kazi ni kazi. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwamba miezi yote ile alidhani mumewe amekata tamaa, kumbe alikuwa anamwonea haya. Mbele ya mkewe hakutaka kuwa mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa fundi, kazi ambayo haijakamilika hakuwahi kumwonyesha mteja.

Msimamizi alipoambiwa, alisema aondoke saa moja kabla ya muda, mtu mwingine atalisha mahali pake. Nilipokea mashuka yaliyopinda saa ile nzima, na yule aliyekuwa akiyalisha hakuwa na shida yoyote nyumbani. Hakujua kazi tu.

Yaliyotokea kwao jioni ile nayasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe, kesho yake, kabla hata hajavua koti.

Njiani alikuwa akiwaza amwambieje. Alitaka kumkumbatia na kumwambia nimeona vitone vyako vyote, nimeviona hadi vya mwezi ule. Lakini akafikiri, akaona kwamba mtu akificha kitu kwa bidii namna hiyo, si vizuri kumvua nguo kwa furaha yako. Alipofika alimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, tableti iko mahali pake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kama ilivyofunikwa kila siku. Akampa habari za kazi. Akaweka maji jikoni. Akaosha mikono. Mwishoni alikaa mbele yake na kusema jambo moja, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Fundi, leo nimekatwa ile pesa ya tableti. Na mimi nilikuwa nimejitoa."

Fundi aliinua uso. Alimtazama kwa muda. Mkono wake wa kushoto ukashika ukingo wa kiti, midomo ikajipanga, ikajipanga tena, shingo ikakaza kama ya mtu anayefungua kifuniko kilichoganda. Mama Mvuke alijikaza asimsaidie. Anasema hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya, pamoja na mashuka yote ya hoteli, kama kunyamaza wakati ule.

"Mi," alisema Fundi. Akapumua. "Mimi."

Mama Mvuke akauliza polepole, "Ni wewe?"

"Mimi," akasema, safari hii bila kusita, na akajipiga kifuani kwa mkono wa kushoto.

Lilikuwa neno la kwanza, mbali na lile moja, kwa miezi kumi. Mama Mvuke aliniambia kwamba hakupiga kelele wala kigelegele. Alikwenda kwenye kabati, akaitoa tableti kwenye kitambaa, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, na kuiweka mezani karibu na mkono wa kushoto wa mumewe, mahali atakapoifikia bila kusimama. Kisha akaenda jikoni, na huko, kwa kuwa maji yalikuwa yamechemka hadi kukauka, akapata sababu nzuri ya kubaki muda mrefu.

Baada ya wiki moja kampuni ilimtumia fomu ya kutathmini huduma aliyopewa. Ilikuwa na nyota tano za kubonyeza na kisanduku kidogo cha maoni. Alibonyeza zote tano. Kwenye kisanduku akaanza kuandika kisa kizima, na kila alipofika kwenye stoo ya mashuka nafasi ilikwisha. Alijaribu mara tatu tukiwa kwenye ngazi za nyuma. Mara ya nne aliandika, "Yule binti alikuwa na haki ya kunirudishia pesa na kunikatia simu, lakini aliniuliza swali moja zaidi, na kwa swali hilo namshukuru." Nafasi ikatosha.

Kwenye kliniki nako alimweleza mtaalamu wa usemi. Yeye hakushangaa kama tulivyoshangaa sisi. Alimwambia wagonjwa wengi wanajifunza vizuri wasipotazamwa, hasa na watu wanaowapenda, na akabadilisha mpango: Mama Mvuke asiwe tena mwalimu. Awe mke tu. Akisikia neno jipya, alipokee kama habari ya kawaida, asilishangilie, asiombe lirudiwe. Mama Mvuke alisema hilo ni gumu kwa mtu aliyepewa mafungu mawili ya maneno, lakini alijaribu, na alikuwa anaweza siku nyingi kuliko alizoshindwa.

Maneno hayakurudi kama mvua. Yalirudi moja moja, na mengine yalikuja kisha yakapotea tena kwa wiki nzima. Kikombe, kilichoanzisha ugomvi wote, kilichukua miezi minne zaidi. "Chai" ilikuja haraka. Jina la binti yao lilikuja kwenye simu, ghafla, na binti akalazimika kukata na kupiga upya kwa sababu hakuweza kuzungumza. Mwaka ulipogeuka alikuwa na maneno kama sabini, na sentensi fupi tano au sita. Nyingi zilikuwa zile alizokuwa akizitumia zamani na wateja, maana naye hakuwahi kuwa na nyingi. Mkono wa kulia haukurudi kwenye kazi ya kuchonga, na duka walilikodisha kwa fundi mwingine. Hilo lilimuuma. Mama Mvuke halifichi, nami siwezi kulifunika.

Usajili unaendelea. Kila tarehe kumi na tano ujumbe wa benki unaingia tukiwa kwenye ngazi, naye anausoma na kuirudisha simu mfukoni. Mwenzetu wa mashine za kukaushia alimuuliza siku moja kwa nini anatabasamu akikatwa. Alimjibu kwamba kuna watu hupewa habari njema kwa barua, na yeye hupewa kwa makato.

Siku za mwisho wa juma zilibaki tatizo, kwa kuwa yupo nyumbani na nyumba yao ina vyumba viwili na ukuta mwembamba. Walikaa muda mrefu bila kulizungumza. Kisha Jumamosi moja, asubuhi, nikasikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa yeye, ameshika mfuko wa kunde za kuchambua, akisema amepita tu. Nikamkaribisha, nikaweka chai. Tukachambua kunde, tukawasema wenzetu wa kazini kwa kiasi cha heshima. Saa tano akatazama saa ya ukutani, akakusanya mfuko wake na kuaga. Jumamosi iliyofuata akaja tena, saa nne. Sasa ni mwaka na nusu. Sijawahi kumuuliza anakuja kufanya nini, na kikombe chake nakitoa kabatini kabla hajabisha.